Hashitegi za chaneli ya darsa: niliweka #Simba na #Yanga kwenye somo la mirathi, shekhe kanuna

fundi_kamera_temeke

Assalaam alaykum, na habari za jioni wakuu wote, maana najua humu kuna watu wa kwaya ambao nao hili limewahi kuwakuta.

Mimi ndiye ninayerekodi darsa za msikiti wetu hapa Temeke. Shekhe anasomesha baada ya Magharibi, Jumanne na Alhamisi. Mimi nakata, nasafisha sauti, napandisha YouTube. Chaneli ina miaka miwili na waliojisajili hawajafika 3000. Kawaida video moja inapata watazamaji kama 200 kwa wiki, na nusu yao nawajua kwa majina.

Mwezi uliopita tulikuwa na somo la mirathi, dakika 47, nikalipa kichwa "Mume akifariki, mke anapata nini?" Wiki hiyohiyo kulikuwa na dabi. Kijana mmoja wa kamati akaniambia, "Weka vitu vinavyovuma, watu waje, wakishakuja watasikia neno la heri." Nikaona lina hekima. Chini ya maelezo nikaweka hivi:

```
#Simba #Yanga #Dabi #Mirathi #Islam #Ramadan
#Qur'an #Tafsiri #BongoMovie #Ndoa #Zanzibar
```

Ndani ya wiki nikapata watazamaji 640. Nikafurahi kweli. Halafu mpwa wake shekhe akamwonyesha simu: karibu kabisa na jina la somo kumeandikwa #Simba #Yanga. Na kwenye maoni kuna mtu kauliza, "Huyu ndiye kocha mpya?"

Shekhe hakufoka. Kaniuliza tu, "Sasa hawa uliowaita kwa mpira, umewapa mpira?" Toka siku hiyo ananijibu salamu kwa mkato. Nimezitoa zote, lakini roho inaniuma kwa zile 640. Je, kuna namna ya kuchagua hashitegi ili somo lifike mbali bila kudanganya? Au tubaki na wale wale 200?

mzigo_kwa_mzigo

Mkuu umekosea kuzitoa. Namba zimepanda, wewe unarudi nyuma! Hashitegi ni nyavu, ukiwa na nyavu kubwa unavua wengi. Jaza mpaka 30, changanya zinazovuma na za dini. Ila hizo za mpira ungezisogeza mwisho, kwa sababu YouTube inaonyesha tatu za mwanzo tu. Weka #Mirathi #Islam #Mawaidha mbele, hizo nyingine zifiche nyuma, shekhe hatoziona na wewe watu unapata. Kosa lako ni mpangilio tu.

babu_wa_mbagala

Hili la kutagiwa tagiwa mimi limenichosha. Kuna kijana wa msikiti wetu kila akiweka picha ya harambee ananitagi, na watoto wangu walioko Muscat wanaona kila kitu. Nimemwambia aache, hasikii. Mwambieni shekhe aweke katazo, mtu asitagiwe bila idhini yake.

binti_studio

Babu shikamoo. Hiyo unayosema ni ya mtu kuweka jina lako kwenye picha, na kuna sehemu ya kuizuia kwenye mipangilio ya akaunti yako, mwombe mjukuu akuonyeshe. Hapa tunazungumzia yale maneno yenye alama ya reli mbele.

Fundi, pole. Mimi nashughulikia chaneli nne pale Sinza, mbili za dini, moja ya mapishi na moja ya hospitali, kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya mimi.

Kwanza tumalize la nyavu. Mzigo, hiyo 30 umeitoa Instagram ya zamani. YouTube kikomo chake ni 60, na ukizidisha inapuuza hashitegi zote za video hiyo, hata zile nzuri. Kuhusu kuficha nyuma, zinazoonekana karibu na kichwa ni hadi tatu, lakini siku hizi si lazima ziwe zile ulizotanguliza. Inaweza kuchukua zinazovutia watu zaidi. Yaani ukimficha Simba mkiani, ndiye atakayetoka mbele, kwa sababu ndiye anayebonyezwa. Na sera yao imeandika wazi kuwa hashitegi isiyohusiana na video inaweza kusababisha video iondolewe. Kwa hiyo si suala la shekhe kununa tu.

Pili, fundi, nani kakwambia zile 640 zimeletwa na mpira? Kabla hujaililia hiyo namba, fungua YouTube Studio, ingia `Analytics` ya video hiyo, tafuta `Traffic source types`. Kuna mstari wa `Hashtag pages`, huo ndio watu waliokuja kwa kubonyeza hashitegi. Kuna na mstari wa `YouTube search`. Angalia idadi ya kila mmoja na wastani wa muda waliotazama, halafu uje hapa utuambie.

bass_wa_pili

Bwana asifiwe, na salaam kwa ndugu Waislamu. Mimi ni wa kwaya, upande wa Kinondoni, na nina ushuhuda.

Sisi hatukuazima mpira, tuliazima kanisa. Kundi letu ni la vijana wa madhehebu mchanganyiko, tunaimba nyimbo za kitabuni. Mmoja wetu akaweka #KKKT kwenye kila wimbo kwa sababu ndiyo watu wengi wanaitafuta. Haikupita muda tukapigiwa simu na mzee mmoja wa usharika, anauliza kwa upole kabisa: nyie ni kwaya ya wapi, na mchungaji wenu nani? Hatukuwa na jibu. Kwenye maoni watu walikuwa wanapongeza usharika ambao hatujawahi kukanyaga.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wahenga walishasema. Ya mpira kila mtu anaona ni utani. Hii ya taasisi inafanana na kweli, ndiyo maana ilituaibisha zaidi.

Sasa nami naomba ushauri: tuna hashitegi yetu wenyewe, jina la kundi. Tulianza vizuri, sasa hivi ukiifungua unakuta watu wa mikeka wameweka matangazo yao. Tunaifungaje?

binti_studio

Haifungwi, mtumishi. Hashitegi haina mwenyewe, yeyote anaweza kuiandika. Unachoweza ni kuripoti video moja moja. Ndiyo maana mkusanyiko wa nyimbo zenu uwekeni kwenye orodha ya video ndani ya chaneli, ambapo mwenye ufunguo ni nyie. Hashitegi ya jina la kundi ni ya kumsaidia mtu aliyekwisha kuwafahamu.

Na hilo la #KKKT ni la maana. Kuna maneno yanayotaja mada, kama #Kwaresma au #Mirathi, na kuna maneno yanayotaja wenyewe: #KKKT, #Sabato, #Kwayakatoliki. La mada unaweza kulitumia ukiwa umeizungumzia kweli. La wenyewe linasema "mimi ni wa hapa". Kama si wa hapo, hata wimbo uwe mzuri vipi, umeingia sebuleni kwa watu bila kubisha hodi.

fundi_kamera_temeke

Dada, nimefungua. Aisee.

`Hashtag pages` ni 71 tu kati ya 640. Wastani wao wa kutazama ni sekunde 19. Hapo shekhe bado yuko kwenye hutuba ya ufunguzi, hata neno mirathi hajalitaja.

`YouTube search` ni 388, wastani dakika 9 na kitu. Nikabonyeza kuona walitafuta nini: "mke anapata nini mume akifa", "mirathi ya mke", "mgawanyo wa mirathi kiislamu". Waliobaki ni wa WhatsApp na wale wetu wa kila siku.

Kwa hiyo waliokuja kwa mirathi ni wengi kuliko waliokuja kwa dabi? Mbona video za nyuma hazikupata hivyo?

binti_studio

Za nyuma ulizipa vichwa gani?

fundi_kamera_temeke

"Darsa ya 31", "Darsa ya 32"...

binti_studio

😂 Jibu unalo. Mjane wa Tandika mwenye shida usiku haandiki "Darsa ya 33". Kilichokuletea watu ni kichwa chenye swali lake. Hashitegi ni kibao cha barabarani, na watu wengi hawapiti barabara hiyo. Nakwambia mapema usije ukategemea makubwa.

Lakini kibao kikiwa sawa kinasaidia, kwa hiyo tupitie orodha yako. Ninachofanya ni kimoja tu: kila neno ninalotaka kuweka, nalifungua kwanza kama mtazamaji.

```
youtube.com/hashtag/mirathi
```

Naangalia video kama ishirini za juu. Najiuliza: lugha gani, za lini, urefu gani, na je, anayetazama hizi akikutana na ya kwangu katikati yake atashangaa?

#Islam: ukurasa wa dunia nzima. Kiarabu, Kiingereza, Kiurdu, Kiindonesia. Si uongo kuiweka, lakini mtu wako wa Kiswahili hakai pale, na video yako inazama dakika hiyohiyo.

#Ramadan: ulirekodi mwezi gani? Kama somo halihusu funga, iache. Na ukiifikia Ramadhani yenyewe, fungua #Ramadhani, #Ramadhan na #Ramadan, utaona ni kurasa tatu tofauti. Ya kwanza ndiyo ina Waswahili wengi, kwa sababu ndivyo tunavyoandika sisi.

#Qur'an: hii imekatika. Jaribu kuibonyeza, ile alama ya juu inakata neno, unabaki na #Qur. Andika #Quran au #Qurani bila alama. Ndiyo shida hiyohiyo ya maneno yetu yenye ng', na ukiweka kistari katikati au nafasi, inakatika vilevile.

#Tafsiri: hapa wengi wanateleza. Kwenye msikiti tafsiri ni ufafanuzi wa Qurani. Mtaani tafsiri ni filamu za Kikorea na Kihindi zilizowekewa sauti ya Kiswahili. Neno si la kuazima, ni la kwako kabisa, ila ukurasa umeshakaliwa na wengine. Andika #TafsiriYaQuran.

#Ndoa: mmezungumzia ndoa?

fundi_kamera_temeke

Dakika tatu hivi. Kwamba mjane lazima awe ndani ya ndoa halali ndipo arithi, na talaka rejea ndani ya eda.

binti_studio

Basi mimi ningeiacha. Kipimo changu ni hiki: mtu akija kwa neno hilo peke yake, je, robo ya video itamhusu? Wengine watasema ni kali sana. Sijakisoma popote, ni changu.

#Zanzibar uliiweka kwa nini?

fundi_kamera_temeke

Nilidhani kule watu wa dini ni wengi 🙈

binti_studio

Kule kuna watalii wengi kwenye ukurasa huo, fukwe na hoteli. Toa.

Inabaki #Mirathi, uongeze #Mawaidha au #Darsa, na moja ya kwenu ya kukusanya masomo. #Mawaidha naipenda kwa sababu ni neno letu, ukilifungua unakuta Dar, Mombasa, Unguja, watu wanaosikiliza shekhe kwa saa nzima bila kuchoka. Hao ndio majirani wa video yako. Si dunia nzima, na si wale 200 pia.

Hiyo ya kwenu ichagueni vizuri na herufi kubwa zisaidie macho. Mfumo haujali kubwa wala ndogo, lakini jicho linajali. Kuna ndugu waliandika #darsalamu wakimaanisha darsa la Mu... nimesahau msikiti gani. Wakajikuta na video za mwendokasi na foleni ya Ubungo.

karani_wa_ilala

Samahani naingilia. Nafanya kazi na mawakili na hiyo #Mirathi inanipa wasiwasi. Wengi wanaolitafuta neno hilo wana shida ya mahakama: namna ya kufungua shauri, kuteua msimamizi, kikao cha ukoo, fomu. Shekhe anafundisha kwamba mke anapata thumuni mume akiacha watoto, robo kama hakuacha, kama ilivyo Suratun-Nisaa. Sawa kabisa. Lakini yuko mjane Mkristo wa Mbezi atakayeingia hapo, asikie thumuni, aende akaikubali mbele ya mashemeji. Si kwamba neno ni la uongo, ila halijakamilika.

mzigo_kwa_mzigo

Sasa hapo ndugu karani unataka kila neno liwe na mwanasheria. Neno mirathi ni la Kiarabu, Waislamu ndio wenye nalo!

karani_wa_ilala

Limeingia kwenye sheria za nchi siku nyingi mkuu, si la upande mmoja tena.

binti_studio

Karani ana hoja, na kwangu mimi dawa yake haiko kwenye hashitegi. Kichwa kiseme "Mirathi ya Kiislamu: mume akifariki, mke anapata nini?" Hapo mjane wa Mbezi anajua kabla hajabonyeza. Unaweza kuongeza #MirathiYaKiislamu, lakini usishangae ukurasa wake ukiwa na video mbili, moja ya kwako. Uitumie pamoja na #Mirathi, usiitegemee peke yake.

Na Mzigo, ule uzoefu wako wa kujaza maneno mengi nadhani ulitoka kwenye lile kasha la `Tags` ndani ya Studio, ambalo mtazamaji halioni. Lile lina nafasi ya herufi 500, na YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, linafaa zaidi kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Humo ndimo fundi aweke "mirath", "miradhi", "urithi wa kiislam". Hata humo Simba haruhusiwi.

mzigo_kwa_mzigo

Kwenye hilo la `Tags` nakubali nilichanganya. Lakini la nyavu sijashawishika. Chaneli ya kwangu ya vichekesho nachanganya kila kitu na inakwenda.

mama_asia_kigamboni

Mimi ni mtazamaji tu wa mawaidha, sina chaneli. Niwaambieni kinachotokea upande huu. Nikibonyeza kitu nikakuta si chenyewe, natoka, na siku nyingine nikiiona ile sura ya shekhe naipita, hata kama somo ni la kweli. Wala sikumbuki ni kwa nini naipita. Nimekuwa tu nimemchoka.

bass_wa_pili

Mama umenena. Swali la nyongeza: je, jina la mwimbaji maarufu? Tumeimba wimbo wa Christina Shusho kwa mtindo wetu. #ChristinaShusho ni kuazima au ni kutaja?

binti_studio

Kama wimbo ni wake, ni kutaja, ila kichwani iandikwe kuwa mnaimba nyie. Kama mnaweka jina lake kwenye wimbo wenu wenyewe kwa sababu sauti zinafanana, ni kuazima. Suala la haki za wimbo ni jingine, hilo mtafute ruhusa.

fundi_kamera_temeke

Nina moja inanikaba. Kila Alhamisi shekhe anamaliza na dua ya kuwaombea watu wa Palestina, kama dakika moja na nusu. Kijana yule wa kamati anasema niweke #Palestina, kwa sababu tumewaombea kweli. Kwa kipimo cha robo ya video haifiki. Lakini nikiiacha najisikia kama nimeikata dua.

binti_studio

Video nzima, mimi nisingeweka. Kata dua peke yake iwe klipu fupi, na hapo neno linakuwa la kwake.

ustadhi_mdogo

Sikubaliani na dada. Dua si kipande cha kukata na kuuza pembeni, imefungwa na darsa. Na anayelitafuta neno hilo kwa uchungu akikuta Waislamu wa Temeke wameliitikia, hajadanganywa. Dakika si kipimo cha ukweli.

mama_asia_kigamboni

Ustadhi, mimi nikiingia kwa Palestina nikakuta dakika 45 za eda na talaka kwanza, sitofika kwenye hiyo dua.

ustadhi_mdogo

Aandike kwenye maelezo dua inaanza dakika ya ngapi.

binti_studio

Hapo kidogo tunakaribiana. Bado nisingeweka, lakini sitagombana nawe.

fundi_kamera_temeke

Wakuu narudi, imepita wiki ya tano.

Nilifanya alivyosema dada kwa inbox: masomo sita nimeyabadilisha hashitegi tu, vichwa sikugusa, na mengine sita sikugusa kitu. Nikasubiri siku 28 kwa sababu ndiyo kipindi ambacho Studio inaonyesha yenyewe. Alinionya nisilinganishe Shaaban na Ramadhani, kwani Ramadhani kila kitu cha dini kinapanda na ningejisifia bure. Kwa hiyo nimefanya huu mwezi wa kawaida.

Waliokuja kupitia `Hashtag pages` kwa yale sita ni 43. Ni wachache kuliko wale 71 wa dabi. Lakini wastani wao ni dakika 6 na sekunde 40, na nimeona majina mapya mawili kwenye maoni, mmoja anauliza swali la pili la mirathi kutoka Tanga. Yale sita mengine yalipata 8. Sijui kama tofauti hiyo ni ya hashitegi au ni bahati ya masomo yenyewe, maana mirathi na talaka vina watu wake.

Wiki hii naanza kubadilisha vichwa. "Darsa ya 31" imekuwa "Je, deni la marehemu linalipwa kabla ya urithi?" Tayari nyumbani wameanza kuiangalia.

La Palestina nimempelekea shekhe mwenyewe. Kasoma hoja zenu zote kwenye simu yangu, kimya, miwani puani. Akasema ya ustadhi imemgusa na ya mama imemgusa, atanijibu Alhamisi. Halafu akaniomba kila Jumanne nimwonyeshe maneno kabla sijapandisha. Jana kafuta moja niliyoibuni mwenyewe, #MawaidhaMotoMoto.

bass_wa_pili

Hahaha, hiyo nipe mimi.

mzigo_kwa_mzigo

Usimpe, ni kuazima.